Akikushika Mkono: Mahaba au Mazoea?

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari hapa Tanga, alinijia jioni moja nikiwa nimekaa kwenye baraza ya kahawa Ngamiani, akasubiri wazee wawili wainuke kwenda kuswali, kisha akaniuliza swali ambalo ilionekana amelibeba kwa siku nyingi. Mwalimu mwenzake, mwanamke wa rika lake ambaye alikuwa hajaolewa, alikuwa na desturi ya kumshika mkono walipozungumza, juu kidogo ya kiwiko, na kusimama karibu naye kiasi cha kuisikia harufu ya udi kwenye nguo zake. "Kaka, huyu ananitaka, au ndivyo alivyo?"

Nilimjibu haraka, na nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo ni ya kweli, lakini sisi tunaoishi pwani tunajua ni mara ngapi mawingu hutanda baharini asubuhi, yakapita, na nguo zikakauka kambani kama kawaida. Swali lake lilistahili jibu la mtu aliyekaa kulifikiri, kwa kuwa kosa la upande wowote lina maumivu yake: ukidhani unapendwa kumbe unachangamkiwa tu, utaweza kumpoteza rafiki, na ukidhani ni mazoea kumbe mtu amekufungulia moyo, atajiona amekataliwa na wewe hata hukujua kwamba umeulizwa. Yafuatayo ndiyo niliyopaswa kumwambia jioni ile.

Nianze na mji wenyewe, kwa sababu mkono hausomwi nje ya mahali unapotumika. Tanga, mkono wa mtu ni sehemu ya mazungumzo. Wanaume wawili wakikutana karibu na soko la Mgandini hupeana mikono na kuendelea kushikana mpaka wamalize kuulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za yule mgonjwa aliyelazwa, na hakuna anayehesabu muda. Mzaha ukikolea, msemaji hunyoosha kiganja na mwenzake hukigonga. Marafiki wa jinsia moja hutembea wameshikana mikono kutoka mjini hadi Raskazone pasipo mtu kugeuka kuwatazama. Kisha kuna utani: bibi humwita mjukuu wake "mume wangu" mbele ya mume wake mwenyewe, shemeji humvuta shemeji mkono akidai haki yake ya soda, na mtani humwambia mtani maneno ambayo yangesemwa na mtu baki, wazee wangeitwa.

Mji huohuo, hata hivyo, una adabu nyingine iliyo kali kuliko ya miji mingi. Waislamu wengi hapa hawapeani mikono na mtu wa jinsia nyingine asiye maharimu wao, na mwanamume aliyelelewa vizuri huweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa anapomsalimu mke wa jirani. Kwa hiyo mwanamke anayemshika mkono mwanamume asiye ndugu yake huonekana zaidi Tanga kuliko ambavyo angeonekana kwingine, na ndiyo maana swali la rafiki yangu lilikuwa na uzito. Mguso uleule ni wa kila siku ukitoka kwa mtu mmoja, na ni habari nzito ukitoka kwa mwingine, kwa kutegemea ni nani, ana desturi gani, na amelelewa katika nyumba ya namna gani. Yule mwalimu, kama nilivyokuja kujua, alikulia katika nyumba ya mabinti wengi na mashangazi wengi, ambamo mtu hakuweza kusimulia jambo bila kumshika anayesikiliza.

Rafiki yangu naye alikuwa na malezi yake, na hayo hakuyafikiria. Alitoka bara, katika nyumba ambamo baba alipendwa kwa kuheshimiwa na mama alipendwa kwa kusaidiwa kazi, na tangu alipoanza shule hakumbuki mtu wa nyumbani kumkumbatia. Ngozi ya mtu wa namna hiyo huupokea kila mguso kama barua. Mwanasaikolojia Sidney Jourard, katika miaka ya 1960, aliketi katika mikahawa ya miji kadhaa akihesabu ni mara ngapi watu wawili wanaozungumza meza moja waligusana kwa saa moja. San Juan, huko Puerto Rico, alihesabu mara 180. Paris mara 110. Gainesville, katika jimbo la Florida, mara 2. Na London hakuona hata mara moja. Hesabu hiyo ni ya meza chache na haitoshi kuhukumu mataifa, lakini inaonyesha pengo lililopo kati ya desturi na desturi. Mtu wa meza ya London akihamia San Juan atadhani mji mzima unamtaka. Kabla ya kumpima anayekushika, basi, jipime wewe unayeshikwa, ujue kama mkono wake umekushtua kwa sababu ni mzito au kwa sababu wewe hukuzoea.

Umbali nao una hadithi hiyohiyo. Edward Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1966 kwamba umbali wa kuanzia kugusana hadi sentimita kama 45 ni wa watu wa ndani kabisa, na kwamba kutoka hapo hadi mita 1 na kitu ndio umbali wa marafiki wanaozungumza. Vipimo hivyo hunukuliwa mpaka leo kana kwamba ni sheria ya maumbile, ilhali mwenyewe alisema vilitokana na Wamarekani wa tabaka la kati wa upande mmoja wa nchi yao. Ukivichukua na kuvipeleka kwenye daladala ya saa moja asubuhi, au kwenye matanga ambako mkeka mmoja unawabeba watu wanane, utaona kwamba nusu ya mji imo katika umbali wa mahaba. Sentimita peke yake hazikuambii kitu. Linalosema ni hiari: je, palikuwa na nafasi nyingine? Mtu anayekusogelea harusini kwa sababu spika zinavuma amesogezwa na spika. Mtu anayekusogelea kwenye foleni amesogezwa na foleni. Lakini kama benchi ni refu na tupu, kumetulia, hakuna jua la kukimbiwa wala kivuli cha kugombewa, naye akaja kuketi hadi mabega yakakaribiana, ukaribu huo amekuja nao mwenyewe, na hapo una haki ya kujiuliza.

Wengi hupenda kujaribu kwa kurudi nyuma hatua moja ili waone kama mwenzao atafuata. Mimi siliamini sana jaribio hilo. Mtu aliyezoea kuzungumza kwa karibu atafuata bila kujua amefuata, kama vile unavyoisogeza sahani unapokula. Na mtu anayekupenda kwa siri huenda akabaki pale aliposimama, moyo ukimwenda mbio, akidhani umemkimbia. Jaribio ambalo mwenye mazoea hulifaulu na mwenye mahaba huenda akalishindwa halijakupa jibu.

Twende sasa kwenye mkono wenyewe, kwa maana hapa kuna mambo ambayo ukiyaangalia kwa makini yanasaidia kweli. Mkono wa mchangamfu huja na neno na huondoka na neno. Anasimulia jinsi bajaji ilivyozima katikati ya maji ya mvua, anafika kwenye kichekesho, anakugusa kana kwamba anatia nukta mwishoni mwa sentensi, na mkono unarudi kwake kuendelea na kazi ya kusimulia. Muda wake haufiki sekunde moja. Macho yake hayauangalii mkono, wala hayakuangalii wewe kwa namna ya kutaka kujua umeupokeaje. Yako kwenye hadithi. Ukimuuliza baadaye kama alikugusa, atasema kwa dhati kwamba hakumbuki.

Mkono wa mahaba huwa na kazi ya kisingizio, na kazi hiyo ikiisha, mkono hubaki. Nitatoa mfano wangu. Miaka mingi iliyopita tulikwenda Pangani kundi la watu saba, na tulipokuwa tukivuka mto kwa pantoni, dada mmoja wa kundi letu alikuja kusimama kando yangu ingawa pantoni ilikuwa na nafasi ya kutosha, akaona mchanga kwenye mkono wa shati langu, akaanza kuupangusa. Mchanga ulikuwa kidogo sana. Uliisha baada ya kupanguswa mara mbili, lakini vidole vyake vilibaki palepale vikifuata mshono wa shati taratibu, na wakati huo alikuwa amenyamaza. Kunyamaza huko ndiko nilikopaswa kukusikia. Mchangamfu hugusa akiwa katikati ya maneno. Huyu alikuwa ameacha maneno ili mkono useme. Mimi nilimshukuru kwa kunipangusa mchanga, nikaenda kutazama viboko upande wa pili, na ilipita zaidi ya mwezi kabla ya kuelewa. Leo ni mke wangu, na bado analikumbuka jibu lile.

Kasi ya vidole vile nayo ina maelezo. Kwenye ngozi yenye vinyweleo, kama ile ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, kuna nyuzi nyembamba za neva ambazo huitika zaidi kwa mguso mwepesi unaokwenda polepole, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2009 kwamba mwendo unaoziamsha nyuzi hizo zaidi, wa sentimita kama 3 kwa sekunde, ndio pia ambao watu husema unapendeza zaidi. Kwa mwendo huo, kupapasa sentimita 10 tu za mkono huchukua zaidi ya sekunde 3, muda ambao hakuna anayeutumia kwa bahati mbaya. Kupigwa kofi dogo la begani, kuvutwa kiwiko ili upishe baiskeli, kugongwa kiganja baada ya mzaha, vyote viko nje kabisa ya mwendo huo. Hata hivyo neva haijui mahaba. Mama anayembembeleza mtoto mwenye homa humpapasa kwa mwendo uleule. Polepole hukuambia kwamba mkono ule umekusudiwa na una upole. Ni upole wa aina gani, hilo halimo kwenye ngozi.

Limo katika kulinganisha, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kwa muda, kwa sababu ndipo rafiki yangu alipopata jibu lake. Swali la "je, ananishika?" halina faida kama hujauliza "je, anawashika nani wengine, na mimi ananishikaje tofauti nao?" Mtu hujulikana kwa kawaida yake, na dalili ni pale anapoikiuka kawaida hiyo. Mwenye mikono myepesi akikushika hajakuambia neno. Asiyemshika mtu kamwe akikushika mara moja, amesema mengi.

Nilipomwendea rafiki yangu siku chache baadaye kumwomba radhi kwa jibu langu la haraka, nilimshauri aache kuangalia mkono wake mwenyewe na aangalie chumba cha walimu. Nilimwonya asimfuatefuate yule dada wala kumpeleleza. Aone tu yale yanayotokea mbele yake, kwa majuma mawili ya masomo. Alikuwa na daftari la maandalio ya masomo, akatumia ukurasa wa mwisho. Hakuandika jina la yule dada, aliandika tu aliyeguswa ni nani, wapi, na kulikuwa na nini wakati huo.

Ukurasa ule ulimfundisha mambo ambayo kumbukumbu yake ilikuwa imeyaficha. Yule mwalimu aliwashika karibu wote: walimu wa kike mikononi na mabegani, mhasibu mzee kwenye kiwiko, mama anayepika chai kiunoni kwa kumkumbatia, vijana wa mazoezi ya ualimu begani. Hakumgusa mkuu wa shule, ambaye ni mtu wa heshima kali, na hakumgusa shekhe anayefundisha dini. Karibu kila mguso uliangukia kwenye kicheko au kwenye habari ya kushangaza. Yeye mwenyewe, rafiki yangu, aliguswa mara saba katika siku kumi, mara sita kati ya hizo katikati ya kicheko, kwa namna ileile ya mhasibu. Mguso wa saba ulikuwa tofauti: siku aliyopigiwa simu kwamba mama yake ameanguka, yule dada alimshika mkono kwa muda mrefu bila kusema. Ndio huo aliokuwa akiukumbuka usiku. Lakini ukurasa ulionyesha pia kwamba juma lililotangulia, mama wa chai alipofiwa na kaka yake, alishikwa vilevile, na kwa muda mrefu zaidi.

Kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekitarajia kilikuwa katika nafasi tupu ya ukurasa ule. Mwalimu wa hisabati, kijana mpole ambaye meza yake ilipakana na ya yule dada, hakuguswa hata mara moja. Mwanzoni rafiki yangu alidhani hawapatani. Alipoangalia vizuri aliona kwamba kijana yule akiingia, yule dada hukunja mikono yake ndani ya mtandio. Akisimulia jambo naye yumo miongoni mwa wasikilizaji, mkono huwaangukia wa kulia na wa kushoto na kumruka yeye. Na siku kijana yule anapokuwa na kipindi kirefu kabla ya mapumziko, kuna maandazi mawili yaliyofunikwa kwa kikawa mezani pake. Ratiba yake aliijua kuliko mwenyewe. Mkono uliokuwa mwepesi kwa watu wote ulikuwa umekuwa mzito kwa mtu mmoja, kwa sababu kwa mtu huyo mmoja ulikuwa na maana, na mwenye mkono aliijua.

Wengi hawalitegemei jambo hili. Tumezoea kudhani kwamba mapenzi huongeza mguso, na mara nyingi ni kweli. Lakini kwa mtu mchangamfu, aliyelelewa katika adabu ya mji kama huu, mapenzi yanaweza kuupunguza, kwa sababu mguso ambao jana haukuwa na maana leo ungemfichua. Ukiona rafiki aliyekuwa akikushika kila siku ameacha ghafla, na hakuna ugomvi, na bado anakutafuta kwa maneno, usikimbilie kusema amekuchoka. Mabadiliko ni dalili yakienda juu na ni dalili yakienda chini.

Kama unadhani kwamba wewe una jicho la kuyatambua haya papo hapo, uchunguzi uliofanywa nchini Marekani utakufanya upunguze mwendo. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas na wenzake waliwakutanisha wanafunzi waseja, jozi 52 za mwanamume na mwanamke wasiofahamiana, wakazungumza kwa dakika kama kumi, kisha kila mmoja akaulizwa faraghani kama alimchombeza mwenzake na kama anadhani yeye alichombezwa. Pale ambapo hakukuwa na uchombezaji, zaidi ya asilimia 80 walikisia sawasawa. Pale ambapo ulikuwepo, wanaume waliotambua walikuwa asilimia 36 tu, na wanawake asilimia 18. Sababu yake si ujinga. Mazungumzo mengi ya maisha hayana mahaba ndani yake, kwa hiyo anayekisia "hapana" kila mara atapatia mara nyingi, na macho yetu yamezoea kukisia hivyo. Na anayechombeza naye hujificha makusudi, ili akikataliwa aweze kusema alikuwa anatania. Wale walikuwa wanafunzi wa Kimarekani waliokutana kwa mara ya kwanza, na marafiki wa miaka wana mengi zaidi ya kulinganisha, lakini sababu hizo mbili zipo hapa pia, na utani wetu unampa anayejificha pazia nene kuliko la kwao.

Kosa la upande wa pili nalo limechunguzwa. Mwaka 1982 Antonia Abbey alichapisha jaribio ambalo mwanamume na mwanamke walizungumza kwa dakika chache huku mwanamume mwingine na mwanamke mwingine wakiwatazama kwa siri. Wanaume, aliyezungumza na aliyetazama, waliuona uchangamfu wa mwanamke kuwa na mwelekeo wa mahaba zaidi ya wanawake walivyouona. Kwa hiyo mwanamume anayeniuliza swali la rafiki yangu, kabla sijamsikiliza zaidi, mimi humwomba amuulize pia dada yake au mke wa rafiki yake aliyewaona pamoja. Jicho la mwanamke asiye na maslahi limeniokoa na makosa mengi. Na mwenye hamu ajue kwamba hamu yake imeshakaa kwenye mizani kabla hajaanza kupima.

Mkono ukishapimwa hivi, mambo mengine huja kuuthibitisha au kuukanusha, nayo sitayafanya marefu. Anayekutaka hukutafuta pasipo na watu; mchangamfu huchangamka zaidi watu wakiwa wengi. Anayekutaka hukumbuka ulichosema Jumanne, huuliza kwa kuzungukazunguka kama kuna mtu nyumbani kwako, na jina la mwingine likitajwa kwa sifa uso wake hubadilika kidogo. Kama mikono tu ndiyo inayosema na hayo mengine yote hayapo, mimi huhesabu kwamba ni mazoea, na mara nyingi sana huwa ni mazoea.

Baki la mashaka huondolewa kwa maneno, na Kiswahili hakikutuacha mikono mitupu. Kosa ni kumuuliza mtu "unanitaka?", kwa sababu swali hilo humlazimisha kukiri au kukukataa usoni, na hata anayependa atakataa. Njia ya kwetu ni kuzungumzia desturi yako wewe na kumwachia mlango. Unaweza kusema, "Mimi kwetu hatukuzoea kushikana, ndiyo maana wakati mwingine hunishtua." Mchangamfu atacheka na kukuambia kwao ndivyo walivyo. Anayependa atanyamaza kidogo, au atauliza, "Unashtuka vibaya au vizuri?", na hapo mazungumzo yamekwisha kuanza. Maneno hayohayo yanafaa pia kwa asiyependa kushikwa, awe mwanamke au mwanamume, kwa kuwa uchangamfu wa mtu haumpi haki juu ya mkono wa mwenzake. Na kama anayekushika ni mkubwa wako wa kazi, au mtu ambaye riziki yako iko mikononi mwake, na umemwambia naye akaendelea, jambo hilo si fumbo tena la mahaba na mazoea. Ni la kufikishwa kwa wanaoweza kumzuia.

Rafiki yangu alisema maneno hayo muhula ulipokuwa unakaribia kwisha, wakiwa wanasahihisha mitihani. Yule dada alicheka, akamshika mkono kama kawaida yake, kisha akauondoa haraka na kusema, "Samahani, Mwalimu. Kumbe nakuudhi?" Akamjibu kwamba hakuudhika hata kidogo, ila alikuwa hajui kuusoma. Wakaendelea kusahihisha. Wazee wa mwalimu wa hisabati walipopeleka posa baada ya mfungo, rafiki yangu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuambiwa, tena na yule dada mwenyewe, ambaye alimnyooshea kiganja. Naye, mtu wa nyumba isiyoshikana, akakigonga.